Ukiandika 4k, programu hufanya nini?

Video yoyote iliyomo kwenye simu, diski au fleshi ni mfuatano wa picha tuli zinazopita haraka mbele ya macho. Kila picha huitwa fremu, na kila fremu imeundwa kwa vitone vya rangi viitwavyo pikseli, vilivyopangwa kwa mistari. Umbo la video hupimwa kwa mambo mawili: idadi ya pikseli kwa upana na kwa kimo, na idadi ya fremu zinazoonyeshwa kila sekunde. Video ya 1280x720 yenye fremu 30 kwa sekunde, kwa mfano, ina pikseli 921,600 katika kila fremu, na dakika moja yake ina fremu 1,800.

Madukani na studio, vipimo hivi hutajwa kwa majina: HD, Full HD, 4K, PAL, film. Mteja anayetaka video ya harusi yake "iwe 4K" huwa anafikiria picha inayong'aa, inayoonyesha hadi uzi wa kanga. Programu inayopewa neno hilo haina habari ya mng'ao. Hulitafuta neno katika orodha yake, hulibadilisha kuwa namba mbili, kisha huzipanga upya pikseli mpaka zifikie namba hizo. Matokeo yanaweza kuwa mbali sana na alichokusudia mteja, na programu isitoe onyo lolote.

Hali hiyo huonekana wazi zaidi katika FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. FFmpeg haina vitufe vya kubofya. Huendeshwa kwa amri zinazochapwa, na programu nyingi zenye vitufe huitumia chinichini kubadilisha video. Kwa kuwa kila kitu lazima kiandikwe, mtu anaweza kufuatilia neno moja moja na kuona limefanya kazi gani.

Orodha ya majina

Katika FFmpeg, ukubwa wa picha huwekwa kwa `-s` na kasi ya fremu kwa `-r`. Zote mbili hukubali namba, kama `-s 1920x1080` na `-r 25`. Hukubali pia majina mafupi ambayo yameorodheshwa ndani ya programu. Jina `hd720` ni 1280x720, `hd1080` ni 1920x1080, na `vga` ni 640x480. Upande wa kasi, `pal` ni fremu 25 kwa sekunde na `film` ni fremu 24. Jina `ntsc` ni 30000 ikigawanywa kwa 1001, yaani karibu 29.97.

Namba hizo za kasi zina asili yake. Fremu 25 ni kasi ya mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika katika nchi zenye umeme wa hertzi 50, zikiwemo Kenya na Tanzania. Fremu 24 ni kasi ya filamu za sinema. Ile 29.97 ilitokea Marekani, ambako rangi ziliongezwa mwaka 1953 juu ya mfumo wa televisheni ya picha nyeusi na nyeupe uliokuwa na fremu 30. Wahandisi walipunguza kasi kwa sehemu moja katika elfu ili mawimbi ya rangi yasigongane na ya sauti, na namba hiyo yenye desimali imebaki katika kamera na programu hadi leo.

Tatizo la orodha ni kwamba majina yake hayalingani sikuzote na majina ya dukani. Mfano mkubwa ni `4k`. Televisheni inayouzwa kwa jina la 4K ina pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. FFmpeg ikiandikiwa `4k` hutoa 4096x2160, kipimo cha majumba ya sinema kilichowekwa na umoja wa studio za Hollywood katika masharti yao ya mwaka 2005. Kipimo cha televisheni kimo pia katika orodha, ila jina lake ni `uhd2160`. Mtu asiyelijua huandika `4k` kwa imani kamili na kupata picha pana kuliko kioo cha televisheni yake.

Jina `qhd` lina mtego mkubwa zaidi. Kwa wauza simu na vioo vya kompyuta, herufi hizo humaanisha 2560x1440, yaani mara nne ya pikseli za HD ya 1280x720. Katika orodha ya FFmpeg, jina hilo hilo ni 960x540, ambayo ni robo ya 1920x1080. Anayetarajia picha kubwa hupata ndogo kuliko HD ya kawaida. Neno `film` nalo lina maana mbili kulingana na mahali lilipowekwa. Likifuata `-r` hutoa kasi ya fremu 24, lakini likifuata `-s` hutoa picha ya 352x240, ndogo kuliko ile ya kanda za zamani za VHS zinapohamishiwa kwenye kompyuta kwa kipimo cha kawaida cha 720x576.

Yapo pia maneno ambayo programu huyakataa kabisa. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti, kwa hiyo `4K` yenye K kubwa haimo katika orodha. Vivyo hivyo `1080p` na `fullhd` kwa ukubwa, na `60fps` kwa kasi. Katika hali hizo FFmpeg husimama na kuandika kwamba kipimo hakifai. Kukataliwa huku kuna faida, kwa sababu kosa hujulikana kabla ya kazi kuanza. Neno la hatari ni lile linalokubaliwa kwa maana ambayo mwandishi wa amri hakuikusudia, na ndiyo maana mafundi wengi wazoefu huandika namba zenyewe badala ya majina.

Neno moja, mahali pawili

Katika amri ya FFmpeg, kila chaguo huhusu faili linalolifuata. Faili la kuingiza hutanguliwa na `-i`, na faili la kutoa huandikwa mwishoni. Kwa sababu hiyo `-r` iliyowekwa kabla ya `-i` hufanya kazi tofauti kabisa na `-r` iliyowekwa baadaye, ingawa namba ni ile ile.

Ndani ya faili la video, kila fremu hubeba alama ya muda inayosema ionyeshwe lini. Amri hii inaweka kasi upande wa faili la kutoa:

```
ffmpeg -i ngoma.mp4 -r 24 ngoma24.mp4
```

Hapa FFmpeg huzisoma alama za muda zilizomo, huacha video na urefu wake wa awali, kisha hurudia au kutupa fremu ili kila sekunde iwe na fremu 24 kamili. Video ya dakika moja hubaki dakika moja, na sauti hubaki sambamba na picha.

Ikihamishwa nafasi moja tu, kazi hubadilika:

```
ffmpeg -r 24 -i ngoma.mp4 ngoma24.mp4
```

Safari hii FFmpeg hupuuza alama zote za muda zilizomo kwenye faili na kuzihesabu upya, kana kwamba video ilirekodiwa kwa fremu 24. Hakuna fremu inayotupwa. Kama video ilikuwa ya dakika moja yenye fremu 30 kwa sekunde, fremu zake 1,800 sasa zinagawanywa kwa 24, na picha inachukua sekunde 75. Sauti haikuguswa, hivyo inamalizika kwenye sekunde ya 60. Wachezaji wanaonekana wakicheza polepole, na ngoma inanyamaza sekunde 15 kabla hawajamaliza.

Kosa dogo la aina hii ni gumu zaidi kuligundua. Video iliyorekodiwa kwa 29.97 ikiingizwa kwa `-r 30`, tofauti ni sehemu moja tu katika elfu, na mwanzoni hakuna anayeiona. Baada ya saa nzima, picha huwa imetangulia sauti kwa sekunde 3.6, na katika hotuba au mahubiri midomo huonekana wazi kuwa haifuati maneno. Dalili ni kwamba pengo huanza na sifuri na kukua taratibu. Pengo ambalo ni lile lile tangu mwanzo hadi mwisho huwa na sababu nyingine.

Kuna mahali pa tatu ambapo neno la kasi hubadilika maana. Chaguo `-c copy` huiambia FFmpeg inakili video bila kuifungua na kuibana upya. Kazi hiyo humalizika kwa sekunde chache, na wengi huipenda kwa sababu hiyo. Lakini bila kufungua video, programu haiwezi kuongeza wala kutupa fremu. Ikipewa `-r` pamoja na `-c copy`, huliarifu tu faili jipya kwamba kasi ni hiyo, na fremu zenyewe hubaki vilevile. Kama tangazo hilo haliendani na alama za muda zilizomo, faili linaweza kuwa bovu.

Fremu zinapoongezwa au kupunguzwa

Kazi ya kawaida ya `-r` upande wa kutoa ni kuhesabu tu. Programu haiangalii kilichomo kwenye picha. Huuliza ni fremu ipi iliyo karibu na muda unaotakiwa, na kama hakuna mpya, huirudia iliyopita.

Kupandisha kutoka 30 hadi 60 ni hesabu nyepesi: kila fremu huonyeshwa mara mbili. Mtazamaji haoni tofauti yoyote, kwa sababu kioo cha televisheni tayari kilikuwa kikiishikilia kila fremu kwa muda huo huo. Kilichoongezeka ni kazi ya kompyuta na, kwa kiasi fulani, ukubwa wa faili. Ulaini wa mwendo unaoonekana katika video iliyorekodiwa kwa fremu 60 hutokana na kamera kuupiga mwendo mara 60 katika sekunde, na fremu zilizorudiwa hazina habari hiyo.

Hesabu zisizogawanyika vizuri huleta kasoro inayoonekana. Kutoka 24 kwenda 30, fremu sita hurudiwa kila sekunde, yaani moja baada ya kila nne. Gari linalopita mbele ya kamera huonekana kwenda hatua nne na kusita, hatua nne na kusita. Kutoka 30 kwenda 25, hali hugeuka: fremu moja katika kila sita hutupwa, na mwendo huruka mara tano kwa sekunde. Kasoro hizi hujitokeza zaidi kamera inapogeuzwa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, au maandishi yanapopanda kwenye kioo kwa mwendo ule ule. Katika mahojiano ya mtu aliyekaa, huenda zisionekane kabisa. Kutoka 60 kwenda 30 hakuna kasoro ya aina hii, kwa sababu fremu moja katika kila mbili huondolewa kwa mpangilio sawa.

FFmpeg ina njia nyingine inayojaribu kuunda fremu mpya kweli. Ni kichujio kiitwacho `minterpolate`, kinacholinganisha fremu mbili zinazofuatana, kukadiria kila sehemu ya picha imesogea wapi, na kuchora picha ya katikati. Mwendo huwa laini zaidi, lakini picha hiyo ni ya kukisia. Mikono inayopiga makofi, chembe za maji, au mtu anayepita mbele ya ukuta wenye mistari huwapotosha wakadiriaji hawa, na kingo za vitu hujipinda au kuyeyuka kwa muda mfupi. Kazi yenyewe ni ya polepole sana, na dakika chache za video zinaweza kuishughulisha kompyuta ya kawaida kwa muda mrefu.

Pikseli zinapotandazwa

Kwa ukubwa wa picha, `-s` huweka kichujio cha `scale` mwishoni mwa kazi zote kabla ya video kubanwa. Kichujio hiki hutengeneza kila pikseli mpya kwa kuchanganya rangi za pikseli za zamani zilizo jirani nayo. Kwa kawaida FFmpeg hutumia hesabu iitwayo `bicubic`, ambayo hutazama mraba wa pikseli nne kwa nne.

Picha ya 1280x720 ikipelekwa 3840x2160, kila pikseli moja ya zamani hujaza nafasi ya tisa. Uso ambao kamera iliupiga kwa pikseli 50 sasa una pikseli 450, lakini zote zimetokana na zile 50. Mchuzi ukiongezwa maji hujaza sufuria kubwa zaidi, na nyama hubaki ile ile. Kinyume chake, kupunguza ukubwa hufanya kazi vizuri, kwa sababu pikseli nyingi za kweli huchanganywa kuwa chache. Video iliyopigwa kwa 3840x2160 kisha ikashushwa hadi 1920x1080 mara nyingi ni safi kuliko iliyopigwa moja kwa moja kwa 1920x1080 na simu hiyo hiyo.

Jambo linalowachanganya watu zaidi ni uwiano wa upana kwa kimo. Video ya zamani ya 640x480 ina uwiano wa 4 kwa 3, ilhali `hd1080` ni 16 kwa 9. Anayeandika `-s hd1080` hutarajia moja kati ya mambo mawili: ama picha itanuliwe, ama iwekewe pembe nyeusi. FFmpeg haifanyi hivyo wala vile. Hutandaza picha ijaze pikseli zote 1920 kwa 1080, kisha huandika ndani ya faili kwamba kila pikseli si mraba kamili: upana wake ni robo tatu ya kimo chake. Kichezaji cha video kinachosoma maandishi hayo huibana picha irudi kwenye uwiano wa 4 kwa 3, na kila kitu huonekana sawa. Kichezaji kisichoyasoma huonyesha watu walionenepa kwa theluthi moja. Ndiyo maana faili moja linaweza kuwa zuri kwenye kompyuta ya fundi na baya kwenye televisheni ya mteja.

Dawa ni kutoa kipimo kimoja tu na kuiachia programu ihesabu kingine. Amri ifuatayo hutaka kimo cha 1080, huacha upana uhesabiwe kwa uwiano wa asili, kisha huongeza weusi pembeni mpaka upana ufike 1920:

```
ffmpeg -i kanda.mp4 -vf "scale=-2:1080,pad=1920:1080:(ow-iw)/2:0" kanda1080.mp4
```

Kwa video ya 640x480, picha huwa 1440x1080, na kila upande hupata ukanda mweusi wa pikseli 240. Alama ya `-2` humaanisha kwamba upana lazima ugawanyike kwa mbili. Ingeandikwa `-1` bila hatua ya `pad`, hesabu ingeweza kutoa namba witiri, na hatua ya kubana video kwa mfumo wa kawaida wa H.264 ingekataa kuendelea, ikisema upana haugawanyiki kwa mbili.

Mfano wa video ya harusi

Chukua video ya dakika mbili iliyopigwa kwa simu ukumbini, 1280x720 kwa fremu 30. Mteja amenunua televisheni mpya na anataka "4K, fremu 60". Fundi anaandika maneno yale yale aliyoyasikia:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -s 4k -r 60 harusi4k.mp4
```

Amri inapokelewa bila malalamiko. Kila fremu inatandazwa kutoka pikseli 921,600 hadi 8,847,360, na fremu 3,600 zinakuwa 7,200. Ikizidishwa pamoja, hatua ya kubana inapokea pikseli mara 19.2 ya zile zilizokuwepo, na hakuna hata moja iliyoleta jambo jipya kutoka ukumbini. Kazi inachukua muda mrefu kwa kiwango hicho.

Picha yenyewe nayo imeharibika kidogo. Kwa kuwa `4k` ni 4096x2160, uwiano wake si 16 kwa 9 kama wa video ya asili. FFmpeg imeandika kwamba upana wa kila pikseli ni sehemu 15 kati ya 16 za kimo chake. Televisheni inayopuuza maandishi hayo inaonyesha bibi harusi aliyepanuka kwa asilimia karibu saba. Si kiasi cha kumshtua mtu papo hapo, lakini kinatosha kumfanya mwenye harusi ahisi kuna kitu hakiko sawa.

Kama shabaha ni kujaza kioo cha televisheni hiyo bila kuharibu umbo, amri inayofaa ina maneno machache kuliko ile ya kwanza:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf scale=3840:-2 harusi2160.mp4
```

Kimo kitahesabiwa na kuwa 2160, pikseli zitabaki mraba kamili, na fremu zitabaki 30 kwa sekunde. Hata hivyo televisheni ya 4K hutandaza yenyewe kila video ndogo inayochomekwa, kwa hesabu inayofanana na hii. Kwa mteja huyu, faili la asili la 1280x720 lingeonekana karibu sawa kabisa, na lingemaliza nafasi ndogo zaidi kwenye fleshi.

Kujua kilichotokea

Programu inapofanya kazi, huandika mstari unaobadilika kila mara chini ya kioo. Katika mstari huo kuna neno `fps`, na wengi hudhani ni kasi ya fremu ya video inayotengenezwa. Ukweli ni kwamba linaonyesha kompyuta inachakata fremu ngapi kwa sekunde. Likisoma 12, video haijawa ya fremu 12. Kompyuta ndiyo inayokwenda taratibu. Maneno ya kutazama ni `dup` na `drop`, yanayojitokeza fremu zinaporudiwa au kutupwa. Katika mfano wa harusi, `dup` hufikia karibu 3,600 mwishoni, na namba hiyo peke yake inaeleza kwamba nusu ya fremu ni marudio.

Baada ya kazi, programu ndugu iitwayo `ffprobe` husoma vipimo vilivyomo ndani ya faili:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=width,height,sample_aspect_ratio,r_frame_rate,avg_frame_rate -of default=nw=1 harusi4k.mp4
```

Mistari miwili ya kwanza hutoa upana na kimo. `sample_aspect_ratio` hutoa umbo la pikseli, na jibu zuri kwa kawaida ni `1:1`. Likitoka `15:16` au `3:4`, picha ilitandazwa kwa uwiano usio wake. Mistari miwili ya kasi huandikwa kama sehemu, mfano `25/1` au `30000/1001`, na inapaswa kukaribiana. Ikitofautiana sana, video haina kasi moja. Simu nyingi hurekodi hivyo, zikipunguza fremu mahali penye giza na kuziongeza penye mwanga. Video ya namna hiyo ni vizuri ipewe kasi moja kwa `-r` upande wa kutoa kabla ya kuhaririwa, kwa sababu baadhi ya programu za kuhariri huichukulia kana kwamba kila fremu ina muda sawa na kusababisha sauti iachane na picha.

`ffprobe` husoma kilichoandikwa tu, kwa hiyo haiwezi kusema kama fremu 60 ni za kweli. Faili lililopokelewa kutoka kwa mtu mwingine linaweza kupimwa kwa kichujio kinachoondoa fremu zinazokaribiana sana na iliyotangulia:

```
ffmpeg -i jina.mp4 -vf mpdecimate -fps_mode vfr -f null -
```

Amri hii haitengenezi faili. Hesabu ya `frame` inayoonyeshwa mwishoni ndiyo idadi ya fremu zilizobaki. Kama video ya dakika mbili inayodaiwa kuwa na fremu 7,200 imebakiza karibu 3,600, ilipandishwa kutoka 30. Kipimo hiki kina mipaka. Kama kamera iliwekwa kwenye kistendi ikipiga meza tupu, fremu za kweli nazo zitafanana na kuondolewa. Picha yenye chengachenga za gizani huweza kuzificha fremu zilizorudiwa zisitambulike. Sehemu yenye watu wanaotembea mchana ndiyo inayofaa kupimwa.

Kuchagua namba

Kutokana na hayo, uamuzi kuhusu kasi na ukubwa hufanywa kamera inapowashwa, na programu ya kubadilisha video huja baadaye kulinda kilichopigwa. Anayetaka mwendo laini wa fremu 60 huchagua fremu 60 kwenye simu kabla ya sherehe kuanza. Anayejua kwamba kazi itarushwa kwenye kituo kinachotaka fremu 25 hupiga kwa 25, ili asije akatupa fremu moja katika kila sita. Kama kamera mbili zitatumika, zote huwekwa kasi moja.

Wakati wa kubadilisha, kasi ya asili huachwa ilivyo isipokuwa mpokeaji ametaja nyingine. Ikilazimu kupunguza, kasi inayogawanyika sawasawa, kama 60 kwenda 30 au 50 kwenda 25, ndiyo salama. Ukubwa hupunguzwa bila wasiwasi na huongezwa pale tu ambapo faili lazima lilingane na mengine, mfano kipande cha zamani kinapounganishwa na vipya. Katika amri, namba kamili huandikwa badala ya jina, kipimo kimoja huachwa kihesabiwe kwa `-2`, na `-r` huwekwa baada ya `-i`. Kabla ya faili kukabidhiwa, `ffprobe` husoma mistari yake mitano, na kila mstari hulinganishwa na kile kilichoombwa.